Usafirishaji wa mazao mabichi kwa ndege

Usafirishaji wa mazao mabichi kwa ndege ni kazi ya kupeleka maua, samaki, mboga na vitu vingine vinavyoharibika upesi kutoka shambani au kiwandani hadi soko la mbali kwa njia ya anga. Katika Afrika ya Mashariki shughuli hiyo inajulikana hasa kwa waridi wa Naivasha, minofu ya sangara wa Ziwa Viktoria na maharagwe machanga ya kijani (huitwa mishiri nchini Kenya). Sehemu kubwa ya shehena hizo hupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta mjini Nairobi, ambao alama yake katika hati za anga ni NBO.

Safari ya ndege kutoka Nairobi hadi Amsterdam huchukua takriban masaa 8 hadi 9. Hata hivyo ua huwa njiani kwa zaidi ya siku moja, na sehemu kubwa ya muda huo hupita ardhini: katika lori, katika bohari na kando ya ndege inayongoja kupakiwa. Kwa sababu hiyo ubora wa mzigo unaofika hutegemea zaidi yanayotendeka kabla ya ndege kuruka na baada ya kutua.

Katika makala hii neno "masaa" linataja urefu wa muda. Saa za siku zimeandikwa kwa hesabu ya Kiswahili, na katika mabano kwa hesabu ya masaa 24 inayotumika katika ratiba za ndege.

## Kuagiza nafasi

Mwenye shamba kwa kawaida hashughuliki na kampuni ya ndege moja kwa moja. Anamtumia wakala wa mizigo, ambaye hukusanya shehena za mashamba mengi, hununua nafasi kwa jumla na kuigawa. Hati kuu ni hati ya mzigo wa anga. Wakala hupewa hati moja na kampuni ya ndege kwa ajili ya shehena yote, kisha yeye hutoa hati ndogo kwa kila mteja. Namba ya hati kuu ina tarakimu 11: 3 za kwanza zinaonyesha kampuni ya ndege (706 ni Kenya Airways, 074 ni KLM) na 8 zinazofuata zinatambulisha mzigo wenyewe.

Nafasi hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni mkataba wa msimu: wakala anaahidi kujaza idadi fulani ya paleti kila wiki kwa bei iliyokubaliwa, na akishindwa kuzijaza huenda akalazimika kulipia nafasi tupu. Ya pili ni kununua nafasi siku chache kabla ya safari kwa bei ya siku hiyo. Katika wiki zinazotangulia tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, maua huwa mengi kuliko nafasi. Wanaotegemea bei ya siku hiyo hulipa zaidi au hukosa nafasi.

Katika agizo wakala hutaja idadi ya boksi, vipimo, uzito, joto linalotakiwa na alama ya aina ya mzigo. Alama ya jumla ya mazao yanayoharibika ni PER. Maua yana alama ya PEF, samaki PES, matunda na mboga PEP. Alama hizo husomwa na wafanyakazi wa bohari katika skrini zao, nao huzitumia kuamua mzigo ukae chumba kipi na usiwekwe karibu na nini. Mzigo ulioandikwa bila alama sahihi unaweza kuwekwa katika bohari ya kawaida pamoja na nguo na vipuri.

### Uzito wa kutozwa

Kampuni ya ndege hutoza kwa uzito halisi au kwa uzito wa ujazo, kutegemea upi ni mkubwa. Kanuni inayotumika kwa kawaida ni hii:

```
uzito wa ujazo (kg) = urefu × upana × kimo (cm) ÷ 6000
```

Chukua boksi 100 za waridi, kila moja ikiwa na sm 100 kwa 40 kwa 25 na uzito wa kg 15. Ujazo wa boksi moja ni sentimita za ujazo 100,000, yaani kg 16.67 kwa kanuni hiyo. Uzito halisi wa shehena ni kg 1,500, lakini utakaotozwa ni kg 1,667. Mkulima analipia kg 167 za hewa.

Samaki ni kinyume chake. Boksi ya minofu yenye sm 60 kwa 40 kwa 20 ina uzito wa ujazo wa kg 8, lakini ikiwa imejaa inaweza kuwa na kg 12, na hizo 12 ndizo zinazotozwa. Ndiyo maana wapakiaji wa maua hujitahidi kubana mashina zaidi katika boksi, na wapakiaji wa samaki hujitahidi kutumia vifaa vyepesi. Kubana maua kupita kiasi kuna gharama yake: vichwa vya waridi huchubuka na hewa baridi haipenyi kati ya mashada.

## Kupoza na kufungasha

Mazao yaliyokatwa bado yako hai. Yanapumua, yanatumia sukari iliyobaki ndani yake na kutoa joto. Boksi ya waridi iliyofungwa ikiwa na joto haipoi yenyewe katika chumba cha baridi, kwa kuwa kadibodi huzuia baridi kuingia na maua yaliyo katikati huendelea kujipasha moto. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kupoza kabla ya kusafirisha. Jokofu la lori hutunza baridi iliyopo tu, halina nguvu ya kupoza mzigo uliopakiwa ukiwa moto.

Njia ya kawaida ya kupoza ni feni kubwa inayovuta hewa baridi ipite ndani ya boksi kupitia matundu ya pande zake. Njia nyingine, inayotumika katika baadhi ya mabohari ya uwanjani Nairobi, ni chumba cha ombwe. Hewa inapoondolewa, maji kidogo yaliyo katika majani hugeuka mvuke na kuchukua joto. Paleti nzima inaweza kupozwa kwa muda mfupi, lakini mazao hupoteza takriban asilimia 1 ya uzito wake kwa kila nyuzi 6 zinazoshuka. Njia zote mbili hazifai kitu kama matundu ya boksi yamezibwa kwa lebo au utepe.

Kila aina ya mazao ina mahitaji yake:

* Waridi husafirishwa bila maji, katika joto la nyuzi 2 hadi 4 za selsiasi. Hayapaswi kukaa pamoja na ndizi, maembe au maparachichi yanayoiva, kwani matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua. Mikarafuu ya maua huathirika zaidi: petali zake hujikunja na ua halifunguki.
* Maharagwe machanga yanahitaji baridi ya wastani, nyuzi 5 hadi 8. Yakiwekwa katika chumba cha waridi cha nyuzi 2 yataonekana mazima siku hiyo, kisha madoa ya kahawia yatajitokeza baada ya kurudishwa kwenye joto la dukani. Mrihani huungua kwa baridi kwa namna hiyohiyo, nao huweusika majani.
* Minofu ya samaki inahitaji joto lililo karibu na nyuzi 0, lile la barafu inayoyeyuka. Huwekwa katika mfuko wa plastiki ndani ya boksi la povu gumu lisilopitisha maji, pamoja na karatasi ya kunyonya majimaji na pakiti za jeli iliyogandishwa.

Samaki wana tatizo ambalo maua hayana, nalo ni uvujaji. Majimaji ya samaki yakipenya sakafu ya ndege huozesha metali na kuacha harufu, na maji ya chumvi ni mabaya zaidi. Kampuni nyingi za ndege hukataa barafu ya kawaida kwa sababu hiyo. Boksi linalovuja huondolewa kwenye paleti, na mara nyingine paleti yote husimamishwa ifunguliwe upya.

Barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyoganda kwa nyuzi 78.5 chini ya sifuri, haiachi maji, lakini huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari wenye namba UN 1845. Uzito wake sharti uandikwe kwenye boksi na katika hati, na boksi lisizibwe kabisa ili gesi itoke. Kiasi kinachoruhusiwa katika ndege moja kina kikomo. Gesi hiyo huua viumbe hai, hivyo haiwekwi karibu na kaa hai wanaosafirishwa kutoka pwani.

## Muda uwanjani

Kampuni ya ndege hutangaza saa ya mwisho ya kupokea mzigo. Kwa ndege za mizigo huwa ni masaa kadhaa kabla ya kuruka, na hutofautiana kwa kampuni na kwa safari. Mzigo unaofika baada ya hapo huhesabiwa umekosa ndege hata kama ndege bado imesimama, kwa sababu karatasi ya mizani ya ndege imekwisha kuandaliwa.

Kabla ya saa hiyo wakala anapaswa kumaliza hatua zifuatazo katika bohari lake:

1. Kupokea lori, kuhesabu boksi na kupima joto kwa kuchoma kipimajoto katikati ya boksi chache. Joto la hewa ya lori halitoshi kuwa ushahidi.
2. Ukaguzi wa mimea. Nchini Kenya hufanywa na KEPHIS, inayotoa cheti cha afya ya mimea. Mdudu anayetafutwa sana katika waridi ni nondo *Thaumatotibia leucotreta*, kwa kuwa Umoja wa Ulaya umemweka katika orodha ya wadudu wa kuzuiwa. Kiwavi mmoja akionekana, shehena inaweza kuzuiwa. Samaki hawahitaji cheti hiki, bali cheti cha afya kutoka mamlaka ya uvuvi ya nchi, nao lazima watoke katika kiwanda kilichoidhinishwa.
3. Ukaguzi wa usalama kwa eksirei au njia nyingine inayokubalika. Mzigo uliokaguliwa hulindwa. Paleti ikiachwa bila ulinzi au utepe wake ukikatika, ukaguzi huanza upya.
4. Kupoza tena ikiwa joto limepanda, kisha kupanga boksi kwenye paleti. Paleti ya kawaida ya ndege ina sm 318 kwa 244. Boksi hupangwa matundu yakielekeana, hufunikwa plastiki na wavu, na mara nyingine blanketi la kuzuia joto.
5. Kukamilisha hati za forodha na kutuma taarifa ya mapema. Kwa mzigo unaokwenda Umoja wa Ulaya, mwagizaji hutoa taarifa katika mfumo wa TRACES siku moja ya kazi kabla ya kufika. Nchi yenye matatizo ya usafiri inaweza kukubali masaa 4.

Baada ya hapo paleti hukabidhiwa wahudumu wa ndege. Hapa ndipo mnyororo wa baridi hukatika mara nyingi. Paleti hukokotwa hadi kwenye maegesho ya ndege na kungoja zamu yake. Mchana, plastiki inayoifunika hunasa joto la jua na tabaka la juu la boksi hupata moto upesi. Dalili yake huonekana mwisho wa safari: boksi za juu na za pembeni zina maua yaliyofunguka au yenye ukungu wa kijivu, ilhali za katikati ni nzuri. Iwapo boksi zote zimeharibika kwa kiasi kilekile, na zaidi zile za katikati, kosa linaelekea kuwa la shambani, kwamba maua hayakupozwa kabla ya kufungwa.

## Mfano wa safari moja

Mfano huu ni wa kukadiria, ila unafuata mpangilio wa kawaida wa safari ya waridi kutoka Naivasha hadi Amsterdam wakati wa baridi ya Ulaya, ambapo Nairobi iko mbele kwa masaa 2. Waridi wamekatwa Jumatatu asubuhi, wamelala katika maji chumba cha baridi, wamefungashwa na kupozwa Jumanne alfajiri. Lori linaondoka saa 5 asubuhi (11:00).

Mizigo ya joto inaweza kuhesabiwa kwa kuzidisha masaa kwa nyuzi za selsiasi, na kupata kipimo kinachoitwa nyuzi-saa. Kadiri jumla inavyopanda, ndivyo siku za ua katika chombo cha mteja zinavyopungua.

| Hatua | Masaa | Joto la wastani | Nyuzi-saa |
|---|---|---|---|
| Lori hadi Nairobi, 11:00–14:00 | 3 | 4 | 12 |
| Bohari ya wakala, 14:00–20:00 | 6 | 3 | 18 |
| Wahudumu na maegesho, 20:00–23:00 | 3 | 10 | 30 |
| Angani, 23:00–07:30 | 8.5 | 8 | 68 |
| Kupakua, ukaguzi na bohari ya Amsterdam | 5.5 | 6 | 33 |
| Jumla | 26 | | 161 |

Ndege inatua saa 1 na nusu asubuhi kwa saa za Nairobi (07:30), yaani 05:30 kwa saa za Amsterdam. Maua yanafunguliwa, yanakatwa ncha za mashina na kuwekwa majini. Yale yanayopitia mnada wa Royal FloraHolland mjini Aalsmeer, karibu na uwanja wa Schiphol, huuzwa kwa kawaida asubuhi inayofuata.

Sasa tuseme paleti hiyo imeachwa. Uwanja wa Nairobi uko takriban mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, na siku ya joto huwa nyepesi zaidi, hivyo ndege iliyojaa mafuta haiwezi kuruka na uzito ambao ingeuchukua katika uwanja wa pwani. Hii ni sababu mojawapo ya ndege za mizigo kupendelea kuruka usiku. Joto likizidi lililokadiriwa, rubani hupunguza uzito na paleti moja au mbili hubaki. Mara nyingi zinazobaki ni zile zisizo na mkataba wa msimu.

Ndege inayofuata iko masaa 24 baadaye. Ikiwa paleti itakaa katika bohari ya kawaida yenye nyuzi 15, itaongeza nyuzi-saa 360 na kufikisha jumla ya 521. Ikirudishwa mara moja kwenye chumba cha nyuzi 3, itaongeza 72 tu na kufikisha 233. Ucheleweshaji ni uleule, lakini mzigo wa pili bado unauzika na wa kwanza huenda ukatupwa. Kwa hiyo wakala mzoefu huwa na mtu uwanjani hadi ndege inaruka, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba paleti iliyoachwa inarudi barafuni usiku huohuo.

## Ndege zisiporuka

Udhaifu wa mfumo huu ulionekana Aprili 2010, wakati mlima wa volkeno wa Eyjafjallajökull nchini Iceland uliporusha majivu na anga ya sehemu kubwa ya Ulaya kufungwa kwa takriban siku 6. Nchini Kenya vyumba vya baridi vilijaa, lakini waridi shambani hawakuacha kuchanua. Maua ya tani nyingi yalitupwa au kugeuzwa mboji, na wafanyakazi wa mashamba na viwanda vya kufungasha mboga walirudishwa nyumbani bila kazi kwa siku hizo. Baadhi ya shehena zilipelekwa viwanja vya kusini mwa Ulaya vilivyokuwa wazi na kumalizia safari kwa lori.

Tangu miaka ya karibuni baadhi ya wauzaji wamehamishia sehemu ya waridi wao kwenye meli kupitia bandari ya Mombasa. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa badala ya siku moja, hivyo inafaa tu aina za maua zinazovumilia, tena zilizopozwa vizuri sana tangu mwanzo. Minofu mibichi haiwezi kungoja hivyo. Samaki wa njia ya meli hugandishwa kabisa, na huwa bidhaa nyingine yenye bei nyingine.

## Madai ya hasara

Safari za kimataifa kati ya nchi zilizojiunga na Mkataba wa Montreal wa 1999, zikiwemo Kenya, Tanzania na nchi za Umoja wa Ulaya, hufuata kanuni zake. Mpokeaji akikuta mzigo umeharibika anapaswa kulalamika kwa maandishi ndani ya siku 14. Kwa mzigo uliochelewa ni siku 21 tangu alipokabidhiwa, na kesi mahakamani ni ndani ya miaka 2.

Fidia ina kikomo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo ni SDR 26 kwa kila kilo (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), isipokuwa mtumaji alitangaza thamani kubwa zaidi na kuilipia. Kwa shehena ya kg 1,500 iliyotajwa juu, kikomo ni SDR 39,000.

Kampuni ya ndege inaweza kujitetea kwamba uharibifu umetokana na hali ya mzigo wenyewe au ufungashaji mbaya. Jibu la hoja hiyo ni rekodi ya joto. Kifaa kidogo cha kurekodi huwekwa ndani ya boksi shambani na kusomwa Ulaya, nacho huonyesha saa ambayo joto lilipanda. Saa hiyo ikilinganishwa na stakabadhi za kukabidhiana, hujulikana mzigo ulikuwa mikononi mwa nani. Bila rekodi hiyo, mkulima, wakala na kampuni ya ndege hulaumiana, na kwa kawaida hasara humrudia mkulima.

## Tazama pia

* Naivasha
* Sangara
* Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta
* Waridi